Zamu ya kifungua mimba

Ndafu imeshakatwa, mama na wakwe wamelishwa, na mshereheshaji anamwita kifungua mimba atoe neno la shukrani kwa niaba ya wadogo zake. Anafungua karatasi: "Mama yetu alizaliwa mwaka 1955, akasoma hadi darasa la saba, akaolewa, akajaliwa watoto watano..." Wageni wanaanza kunong'onezana. Mpangilio huu wameuzoea msibani, pale unaposomwa wasifu wa marehemu, na hapa mama mwenyewe yuko meza kuu, anasikiliza.

Kosa hili ni la kawaida kwenye sherehe za miaka 70, na chanzo chake kinaeleweka. Wasifu wa msibani ndio hotuba ya familia ambayo wengi wetu tumeisikia mara nyingi zaidi. Lakini wasifu humweleza mtu kwa wengine, ilhali shukrani huelekezwa kwake. Kwa hiyo mwana mkubwa akishatambua itifaki kwa sentensi mbili, amgeukie mama na kusema naye moja kwa moja: "Mama, ulifanya hivi."

Hapo ndipo kazi ilipo. "Ulitulea kwa shida" inaweza kusemwa na mtoto yeyote kwa mama yeyote.

Tuseme mwana huyo alizaliwa mwaka 1976 na kukulia mjini Tanzania. Mwaka 1983 alikuwa na miaka saba, na sukari, sabuni na unga vilikuwa adimu. Akumbuke foleni ya duka la kaya: mama anamwacha ashike nafasi, anakwenda kumalizia kuuza vitumbua, kisha anarudi kabla zamu haijafika. Siku sukari iliyopatikana ilikuwa kidogo, ilikwenda kwenye vitumbua, kwa sababu vitumbua ndivyo vilivyolipa madaftari. Chai ya nyumbani ikanywewa chungu. Mwana akisema, "Mama, siku ile nilikununia kwa ajili ya chai, leo nakushukuru kwa madaftari," wanawake wa rika la mama wataitikia wenyewe, maana nao walipanga foleni hizo.

Kisa kimoja cha namna hiyo kinatosha. Kisichaguliwe kile ambacho mama hajawahi kukisema hadharani, kama deni au ugomvi wa ndoa. Ni vyema kumuuliza mapema.

Wadogo zake nao wanasikiliza kwa makini. Kifungua mimba anayesema "nilimjengea mama" wakati bati lilinunuliwa na dada wa tatu atalisikia hilo kwenye kikao cha familia kijacho. Aseme "tulijenga", kisha amtaje dada anayeishi na mama na kumpeleka kliniki, ambaye mara nyingi wakati huo yuko nyuma anahesabu sahani.

Dakika tano zinamtosha. Mshereheshaji naye aachie nafasi baada yake, kwani mama akishapewa kipaza sauti, hakuna wa kumwonyesha saa.