Hodhi Likijaa, Mashine Pepe Zikaganda

Kwenye ukurasa wa Proxmox, pembetatu ya njano imejitokeza kando ya jina la mashine pepe, na hali yake inasomeka `io-error`. Watu wa mauzo wanapiga simu kwamba mfumo umeganda. Msimamizi wa seva anajaribu kuingia ndani ya mashine, haitikii. Mkono unataka kwenda kwenye kitufe cha kuizima na kuiwasha upya. Auzuie.

Chukua seva ndogo yenye hodhi la diski la gigabaiti 350, lililopewa jina `data`. Mashine pepe nne zimegawiwa diski za gigabaiti 150 kila moja, jumla 600. Hesabu hiyo inaruhusiwa, kwa sababu ugawaji wa namna hii, ulioingia katika keneli ya Linux mwaka 2012, hautengi nafasi siku diski inapoundwa. Nafasi hukatwa kidogo kidogo, pale data inapoandikwa. Kila mashine inaamini ina gigabaiti zake 150, na hakuna hata moja inayoona hodhi limebaki na kiasi gani.

Kinacholijaza mara nyingi ni snapshoti. Mtu ameipiga kabla ya kusasisha programu, kisha akaisahau. Tangu hapo, kila kipande cha diski kinachobadilika huandikwa mahali papya, na cha zamani hubaki palepale. Hata kufuta mafaili ndani ya mashine hakurudishi nafasi, maana hodhi halijui kuwa yamefutwa mpaka liambiwe.

Siku linapojaa, keneli haikatai maandishi papo hapo. Kwa kawaida huyashikilia kwa sekunde 60 ikisubiri nafasi, kisha hurudisha kosa la kuishiwa nafasi. Hapa QEMU, programu inayoendesha mashine hizo, inafanya jambo la busara sana: haiipelekei mashine kosa hilo, bali inaisimamisha. Ombi la kuandika linabaki mkononi mwa QEMU, na kumbukumbu yote ya mashine iko salama. Kwa hiyo hifadhidata iliyokuwa katikati ya kazi haijui kilichotokea. Anayeizima sasa anatupa yote hayo, na mashine ikiwaka tena itataka kukarabati mafaili yake kwenye hodhi lisilo na pa kuandika.

Kwanza apime:

```
lvs -o lv_name,lv_size,data_percent,metadata_percent pve
vgs pve
```

Tuseme safu ya data inaonyesha 100, ya metadata 41, na `vgs` inaonyesha gigabaiti 16 hazijagawiwa. Kisakinishi cha Proxmox huacha akiba ya aina hiyo, na watu wengi hawajui kuwa wanayo. Basi hodhi linaongezwa, kisha mashine zinaendelezwa moja baada ya nyingine:

```
lvextend -L +12G pve/data
qm resume 103
```

QEMU inarudia ombi lililokwama, safari hii linapita, na mashine inaendelea pale ilipoishia. Gigabaiti 12 zinaweza kuisha upesi, kwa hiyo saa hiyohiyo snapshoti za zamani zifutwe, chaguo la `discard` liwashwe kwenye diski za mashine, na baada ya kuziwasha upya kwa utaratibu, `fstrim -av` iendeshwe ndani yake ili hodhi lijue vipande vilivyoachwa.

Unafuu huu una mipaka. Diski iliyowekewa `cache=writeback` huenda ilikwisha kuiambia mashine kwamba data imepokelewa ilhali ilikuwa bado kwenye kumbukumbu ya seva, na hiyo inaweza kupotea. Kontena hazina QEMU ya kuzilinda: kosa hufika moja kwa moja kwenye mfumo wa mafaili, kwa hiyo zizimwe na kukaguliwa kwa `pct fsck`.

Baya zaidi ni metadata kujaa, yaani ile ramani inayosema kipande kipi ni cha nani. Hodhi huacha kupokea maandishi, na ongezo la nafasi peke yake halitoshi. Mashine zote huzimwa, hodhi huondolewa kazini, kisha hutumika `lvconvert --repair pve/data`, ambayo nayo inahitaji nafasi isiyogawiwa. Ndiyo maana safu ile ya pili ya `lvs` isomwe kila mara. Ikipanda, `lvextend --poolmetadatasize +1G pve/data` inatosha kuzuia kazi ya usiku kucha.

LVM inaweza kuongeza hodhi yenyewe, lakini kwa kawaida uwezo huo umezimwa: `thin_pool_autoextend_threshold` katika `/etc/lvm/lvm.conf` ni 100. Ikiwekwa 80, hodhi litakuzwa kwa asilimia 20 kila linapovuka kiwango hicho. Kwenye seva yetu hiyo ni zaidi ya gigabaiti 70, na zilizobaki ni 4. Diski mpya itahitajika kwanza, iunganishwe kwa `vgextend`. Nayo ikifa bila pacha wake, huenda ikaondoka na hodhi zima.