Mapato ya Robo Ijayo Yamo Kwenye Tarehe za Mikataba

Kampuni inayouza huduma kwa ada, iwe ni intaneti au programu ya mahesabu, ina nafuu ambayo mwenye duka hana: sehemu kubwa ya mapato ya miezi mitatu ijayo imeshaandikwa kwenye mikataba. Linalobaki ni kujua mkataba wa nani unakwisha lini, na wangapi hawatauhuisha.

Tuseme kampuni inakodishia maduka programu ya mauzo. Ina wateja 600 wenye mikataba ya mwaka mmoja, kila mmoja akilipa shilingi 30,000 kwa mwezi. Wote wakibaki, Julai hadi Septemba wataleta 54,000,000. Kumbukumbu zinaonyesha kuwa katika kila mikataba 100 inayofika mwisho, 20 haihuishwi. Mwenye haraka atakata asilimia 20 ya mapato yote na kukadiria 43,200,000. Hapo amekosea, kwani mteja ambaye mkataba wake unakwisha Desemba bado amefungwa nao mwezi Julai.

Hesabu sahihi huanzia kwenye kalenda. Mikataba 40 inahuishwa Julai mosi, 60 Agosti mosi na 100 Septemba mosi. Kwa kiwango kilekile, wataondoka wateja 8, kisha 12, kisha 20. Wale 8 wa Julai wanaondoka na ada ya miezi mitatu, yaani 720,000. Wale 12 wa Agosti wanaondoka na ya miezi miwili, nayo ni 720,000. Wale 20 wa Septemba wanaondoka na ya mwezi mmoja tu, 600,000. Pengo lote ni 2,040,000, na makadirio ni 51,960,000. Wateja wapya huhesabiwa kando.

Lakini robo hiyo inaficha jambo. Wateja 40 walioondoka watakosekana miezi yote mitatu ya robo inayofuata, na pengo lao litafika 3,600,000 kabla ya mkataba mwingine wowote kuisha. Septemba yenye mikataba mingi huumiza zaidi Oktoba.

Kiwango chenyewe nacho kinahitaji kuchambuliwa. Aghalabu mteja anayehuisha kwa mara ya kwanza huwa mwepesi kuondoka kuliko aliyekwisha kuhuisha mara kadhaa. Ikiwa 70 kati ya wale 100 wa Septemba waliingia mwaka jana kwa punguzo la bei, na wa aina hiyo huondoka kwa asilimia 30 huku wakongwe wakiondoka kwa 10, watakaoondoka ni 24, si 20. Tena, anayechelewa kulipa asihesabiwe mapema kuwa ameondoka. Subiri muda wa nyongeza uishe.

Robo ikifungwa, linganisha makadirio na hali halisi kwa kila mwezi na kila kundi la wateja. Jumla inaweza kulingana kwa bahati tu, kosa la Julai likifunikwa na kosa la Septemba.