Kipindupindu na Maji ya Ziwa: Namna ya Kuwauliza Wagonjwa na Wazima

Kando ya Ziwa Tanganyika kipindupindu si mgeni. Kikitokea Baraka, kila mtu ana neno lake. Mmoja husema kimetoka katika maji ya ziwa. Wa pili husema ni ndagala. Wa tatu husema kimeletwa na wasafiri wa mitumbwi. Nawe mwuguzi una klorini kidogo tu, na siku ni chache. Ukiipeleka mahali pasipo na chanzo, watu wataendelea kufa mahali penye chanzo. Kwa hiyo yakupasa kujua namna ya kuuliza, na namna ya kuhesabu majibu.

Jambo hili lilifanyika ng'ambo ya ziwa letu. Katika mwaka 1992, tangu Januari hata Mei, kipindupindu kilienea Burundi katika watu wakaao karibu na ziwa na mto Rusizi. Katika mji wa Rumonge wachunguzi waliwauliza wagonjwa 56 na watu 112 wasiougua, yaani wazima wawili kwa kila mgonjwa. Waliuliza habari za vyakula, vinywaji na mahali pa kuoga. Walipohesabu majibu, mambo mawili yalisimama: kuoga ziwani na kunywa maji ya ziwa. Tena wadudu wa kipindupindu walionekana katika maji ya ziwa yenyewe. Angalia, hawakuuliza mji mzima. Watu 168 tu walitosha. Imewezekanaje?

NJIA MBILI ZA KUULIZA

Njia ya kwanza ni kufuata kundi. Huanza na desturi, kisha hungojea ugonjwa. Unaandika majina ya wanaokunywa maji ya ziwa na ya wanaokunywa maji ya bomba, wote wakiwa wazima. Kisha unawafuata kwa muda, ukiandika kila anayeugua.

Njia ya pili ni kulinganisha wagonjwa na wazima. Hii huanza na ugonjwa, kisha hurudi nyuma kutafuta desturi. Unawachukua waliokwisha kuugua, unachagua wazima wa kuwalinganisha nao, na kuwauliza wote: kabla ya ugonjwa huu mlikuwa mkinywa maji gani?

Tufanye mfano ili jambo lionekane. Hesabu hizi ni za kufundishia tu. Tuseme uko mji wa watu 10,000 kando ya ziwa. Watu 4,000 hunywa maji ya ziwa yasiyotiwa dawa, na 6,000 hunywa maji ya bomba. Katika majira ya mvua, wanywaji 80 wa maji ya ziwa wanaugua kipindupindu, na wanywaji 40 wa maji ya bomba.

Aliyefuata kundi zima anaweza kutaja hatari. Kwa maji ya ziwa, ni wagonjwa 80 katika watu 4,000, yaani 2 katika kila 100. Kwa maji ya bomba, ni 40 katika 6,000, yaani 2 katika kila 300. Hatari ya kwanza ni mara 3 ya hatari ya pili. Hilo ndilo jibu la kweli la mji huu. Lakini tazama kazi yake: amewaandika watu 10,000 ili kuwapata wagonjwa 120. Ugonjwa ukiisha kuingia mjini, nani ana nafasi ya kufanya hivyo?

HESABU INAYODANGANYA

Basi wewe unachagua njia ya pili. Wagonjwa wote 120 wamekuja kituoni, nawe unachagua wazima 240 wa mji ule ule. Unapata majibu haya:

Wagonjwa: maji ya ziwa 80, maji ya bomba 40.
Wazima: maji ya ziwa 96, maji ya bomba 144.

Hapa wengi huanguka. Husema hivi: waliokunywa maji ya ziwa ni 80 na 96, jumla 176, na katika hao wameugua 80. Kwa hiyo hatari yao ni kama 45 katika 100. Waliokunywa maji ya bomba ni 184, na wameugua 40, yaani kama 22 katika 100. Basi hatari ni mara 2 na kidogo.

Hesabu hiyo haina maana. Katika mji ule hapana kundi lililougua watu 45 katika 100. Namba hiyo imetokea kwa sababu wewe mwenyewe ulichagua kuchukua wazima 240. Jaribu sasa kuchukua wazima 120 tu. Wakiwa na desturi zile zile, 48 watakuwa wa maji ya ziwa na 72 wa maji ya bomba. Fanya tena hesabu ile: ni 80 katika 128, yaani kama 62 katika 100, na 40 katika 112, yaani kama 36 katika 100. Sasa jibu si mara 2 tena. Limeshuka hata mara 1.75. Mji ni ule ule, maji ni yale yale, wagonjwa ni wale wale. Kilichobadilika ni orodha yako tu. Hesabu inayobadilika hivyo haisemi habari za ugonjwa. Inasema habari za mchunguzi.

HESABU INAYOSIMAMA

Acha neno hatari, utumie uwiano. Hatari hugawanya wagonjwa kwa watu wote. Uwiano hugawanya wenye jambo kwa wasio na jambo hilo. Katika wagonjwa, wanywaji wa maji ya ziwa ni 80 kwa 40 wa bomba. Uwiano wao ni 2. Katika wazima, ni 96 kwa 144. Uwiano wao ni theluthi mbili. Sasa linganisha: 2 ni mara 3 ya theluthi mbili. Jibu ni 3, sawa na la yule aliyewafuata watu 10,000. Tuliite ulinganisho wa uwiano.

Kuna njia fupi, ndiyo kuzidisha kwa msalaba. Wagonjwa wa ziwa mara wazima wa bomba: 80 × 144 = 11,520. Wagonjwa wa bomba mara wazima wa ziwa: 40 × 96 = 3,840. Gawanya ya kwanza kwa ya pili, upate 3.

Sasa jaribu na wazima 120: 80 × 72 = 5,760, na 40 × 48 = 1,920. Gawanya. Jibu ni 3 tena. Kwa nini halikubadilika? Kwa sababu 48 kwa 72 ni uwiano ule ule wa 96 kwa 144. Ukipunguza wazima wako nusu, pande zote mbili hupungua pamoja, na uwiano unabaki. Ni kama kuonja mchuzi: ukichota kijiko au ukichota bakuli, chumvi ni ile ile, mradi sufuria imekorogwa vema.

Tena msalaba haujali umeanza wapi. Ukiuliza ni wagonjwa wangapi kwa wazima wangapi katika wanywaji wa ziwa, au ukiuliza ni wanywaji wa ziwa wangapi kwa wa bomba wangapi katika wagonjwa, namba nne ni zile zile na msalaba ni ule ule. Ndiyo maana hesabu hii inamfaa yule anayeanza na wagonjwa akirudi nyuma. Hatari haina sifa hiyo.

UGONJWA UKIWA MWINGI

Jibu letu lilifanana na hatari ya kweli kwa sababu waliougua walikuwa wachache katika mji, na wazima walikuwa karibu watu wote. Ugonjwa ukiwapata wengi, mambo hubadilika.

Tuseme watu 100 wamealikwa karamuni. Katika 60 waliokula nyama, 48 wanaharisha. Katika 40 wasioila, 16 wanaharisha. Hatari ni 80 katika 100 kwa 40 katika 100, yaani mara 2. Lakini ukizidisha kwa msalaba, 48 × 24 ni 1,152, na 16 × 12 ni 192. Jibu ni 6. Ukimwambia mwenye karamu kwamba nyama imeongeza hatari mara 6, umesema uongo. Katika karamu majina ya wageni wote yanajulikana. Basi waulize wote, uhesabu hatari yenyewe. Hilo ni kundi kamili, ingawa unawauliza baada ya ugonjwa.

MAHALI PA KUANGALIA SANA

Hesabu ikiwa sawa, uchaguzi wa wazima bado waweza kuiharibu kazi yote. Wazima wako hawana budi kuwa watu ambao, kama wangaliugua, wangaliletwa kituoni kwako kama wagonjwa wale. Tuseme wagonjwa ni wa Baraka, nawe unawachagua wazima huko Fizi milimani, mbali na ziwa. Pengine katika watu 240 ni 24 tu wanaokunywa maji ya ziwa, na 216 hawanywi. Zidisha: 80 × 216 = 17,280, na 40 × 24 = 960. Jibu ni 18! Maji hayakuwa mabaya zaidi. Wewe umelinganisha pwani na mlima. Kinyume chake, ukiwachukua wazima kambini mwa wavuvi, ambako karibu kila mtu hunywa maji ya ziwa, hatari ya kweli itafichika. Afadhali uwachukue katika mtaa wa mgonjwa, ukihesabu nyumba kwa utaratibu ulioamua kwanza, usiende kwa rafiki zako.

Tena, wengi wenye wadudu wa kipindupindu hawaonyeshi dalili, au huharisha kidogo tu. Kwa hiyo aliyeharisha katika siku za ugonjwa huo usimwandike kuwa mzima.

Mwisho, angalia kumbukumbu. Mgonjwa amelala akifikiri ni nini kilichompata, lakini mzima hana habari. Kipindupindu hutokea tangu saa chache hata siku 5 baada ya kuingia mwilini. Basi umwulize mgonjwa habari za siku 5 kabla ya kuugua, na mzima wake habari za siku 5 zile zile, kwa maneno yale yale. Ukiweza, mwulizaji asijue ni neno gani unalolishuku.

MASWALI YA KUJIJARIBU

1. Wagonjwa 50: walioga ziwani 30, hawakuoga 20. Wazima 100: walioga 40, hawakuoga 60. Ulinganisho wa uwiano ni ngapi? (Jibu: 30 × 60 = 1,800; 20 × 40 = 800; ni 2 na robo.)

2. Je, kwa majibu hayo waweza kutaja ni watu wangapi katika kila 100 wanaougua kwa kuoga ziwani? (Jibu: Hapana. Wazima 100 ni hesabu uliyoichagua mwenyewe.)