Msimu wa Dodoma Uliokatwa na Jedwali

Mvua za Dodoma kwa kawaida huanza Novemba au Desemba na kukoma Aprili. Ni msimu mmoja, ila unavuka mwaka mpya. Majedwali mengi ya mvua hayaujali uvukaji huo: kila mstari ni mwaka, na miezi imetandazwa kwa upana, Januari kushoto na Desemba kulia. Mwanzo wa msimu unaangukia mwisho wa mstari wa 2022, na sehemu iliyobaki iko mwanzoni mwa mstari wa 2023. Ukiiagiza Excel ichore jedwali hilo, kila mwaka utapata mchoro wake kuanzia Januari hadi Desemba, na msimu unaoutafuta hutauona popote.

Tatizo si chati. Mwezi ni sehemu ya tarehe, yaani ni taarifa kama ilivyo milimita za mvua, lakini hapa umewekwa kwenye vichwa vya safu. Chati inahitaji safu moja ya tarehe ya kuweka chini na safu moja ya mvua ya kupandisha juu. Kwa hiyo jedwali pana lirefushwe: kila kipimo kipate mstari wake.

Tuchukue vituo vitatu, Dodoma, Tanga na Mwanza, kwa miaka miwili. Jedwali pana lina mistari sita, na kila mstari una miezi 12. Likirefushwa litakuwa na mistari 72. Ishike namba hiyo kabla hujagusa kitu, kwa sababu ndiyo itakayokuambia kama kazi imekwenda sawa.

Badili kwanza vichwa vya miezi viwe 1 hadi 12. Majina yenyewe yakibaki yatapangwa kialfabeti, na mwaka wako utaanza na Agosti, ufuate Aprili, halafu Desemba. Kisha bofya ndani ya jedwali, nenda `Data`, chagua `From Table/Range`, na dirisha la Power Query litafunguka. Chagua safu za Kituo na Mwaka, bofya kitufe cha kulia cha kipanya, halafu `Unpivot Other Columns`. Safu zote 12 zinakunjwa kuwa mbili, `Attribute` yenye miezi na `Value` yenye mvua. Zipe majina Mwezi na Mvua, na aina ya Mwezi uifanye namba kamili.

Tarehe sasa inaundwa kwa `Add Column`, kisha `Custom Column`:

```
#date([Mwaka], [Mwezi], 1)
```

Siku ya kwanza inawakilisha mwezi mzima. Bonyeza `Close & Load`, na jedwali refu linatua kwenye karatasi mpya. Sasa hesabu mistari.

Ikiwa 78, kuna safu ya Jumla iliyoingia kama mwezi wa 13: mistari sita mara 13. Kwenye safu ya Mwezi ndani ya Power Query itajitokeza kama `Error`, maana neno Jumla haligeuki kuwa namba. Hapo namba za miezi zimekusaidia. Kama ungeacha majina, Jumla ingepita kimya kimya na mvua ya mwaka ingehesabiwa mara mbili. Ifute safu hiyo kabla ya kukunja.

Ikiwa 71, mambo ni magumu kidogo. Power Query haiundi mstari kwa seli tupu. Tuseme mtu wa kituo cha Dodoma hakuandika kipimo cha Desemba 2022. Mstari wake hautakuwapo, na chati ya Dodoma itaunganisha Novemba na Januari moja kwa moja, kana kwamba Desemba ilipimwa ikakutwa katikati yake. Usijaze sifuri. Sifuri ya Julai Dodoma ni kipimo halali, maana yake hakikunyesha kitu, lakini seli tupu haina habari yoyote. Njia inayofaa ni kutumia `Replace Values` kabla ya kukunja, ubadili `null` kuwa -999, namba ambayo mvua haiwezi kuwa nayo, na ukishakunja uirudishe kuwa `null`. Mistari itarudi 72, na Desemba itaonekana kama pengo. Ukisahau kuirudisha, chati itatumbukia chini ya sifuri, na hilo walau halijifichi.

Sasa mvua ya Dodoma inasomeka bila kukatika: inapanda mwishoni mwa 2022, inavuka Januari, inashuka kuelekea Mei. Ukiiweka Tanga pembeni, masika na vuli zake zinaonekana ni misimu miwili tofauti.

Vipimo vya 2024 vikifika, ongeza mistari mitatu chini ya jedwali pana, kisha bofya `Refresh` kwenye lile refu. Linapaswa kufika mistari 108.