Kinachosemwa na Wasikilizaji: Kutoka Jumbe 400 Hadi Mada Chache

Kuweka misimbo ni kusoma ujumbe mmoja mmoja, kuupa jina la mada inayozungumzwa ndani yake, kisha kuhesabu majina hayo. Tuseme redio inayosikika katika kijiji cha Hewani na vijiji jirani vya Garsen imepokea jumbe 4,000 za simu katika kipindi kuhusu mafuriko ya Mto Tana, kama yale ya mwaka 2024. Si lazima zisomwe zote. Zikishaondolewa zilizorudiwa na namba ileile, 400 zilizochaguliwa kwa bahati nasibu hukadiria ukubwa wa kila mada kwa kosa la takriban asilimia 5 juu au chini. Zikichukuliwa 400 za kwanza, watakaohesabiwa ni waliotuma mapema tu.

Orodha ya mada haitungwi mezani. Husomwa kwanza jumbe 50 hivi, na kila mada inayojitokeza huandikiwa maana, mfano wa kinachoingia na mfano wa kisichoingia. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo hupuuzwa, na ndiyo yenye kazi kubwa. Mfugaji akiandika, “Malka imelimwa, ng'ombe watapita wapi kwenda mtoni?” na mkulima akaandika, “Ng'ombe wamemaliza mahindi,” huenda wote wawili wanasimulia tukio moja. Anayeziweka zote chini ya “ugomvi wa wafugaji na wakulima” amefuta alichotaka kujua: mmoja analilia njia ya mifugo kufika kwenye maji, mwingine analilia hasara ya shamba. Msimbo hufuata neno la msemaji, si tafsiri ya msomaji. Ujumbe unaotaja malka na pia zahanati iliyofungwa hupewa misimbo miwili, kwa hiyo jumla ya asilimia huzidi 100.

Ili kupima kama orodha hiyo inaeleweka sawasawa, watu wawili wanaoelewa Kiswahili, Kipokomo na Kiorma huweka misimbo kwenye jumbe zilezile 100, kila mmoja peke yake. Tuseme kila mmoja ameona “malka” katika jumbe 30, lakini zilizoafikiwa ni 22 tu. Ambazo wote wawili hawakuziona na “malka” ni 62, kwa hiyo wamekubaliana mara 84. Hata hivyo, kwa bahati tupu wangekubaliana mara 58. Kipimo cha kappa, kilichopendekezwa na Jacob Cohen mwaka 1960, huondoa bahati hiyo:

```
(0.84 - 0.58) / (1 - 0.58) = 0.62
```

Wengi hutaka 0.7 au zaidi. Jumbe 16 walizotofautiana husomwa tena pamoja, na mara nyingi kosa huwa kwenye maana ya mada: je, anayelalamikia uzio ulioziba njia ya mtoni bila kutaja malka ahesabiwe? Maana hurekebishwa, kisha jaribio hurudiwa kwa jumbe nyingine 100.

Kitokacho hapo ni picha ya waliotuma. Asiye na simu au salio hamo, na mtangazaji aliyeuliza kuhusu maji atajibiwa zaidi kuhusu maji.