Je, Wajua? Kipara hiki huchunguzwa ukingoni, si katikati
Laikeni planopilarisi, ugonjwa unaoleta kipara hiki, hushambulia mzizi wa unywele, pale penye seli za kuuotesha upya. Seli hizo zikifa, kovu huchukua nafasi yake na unywele haurudi. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha. Msusi wa Makiso, mjini Kisangani, huenda akaona zambarau au kahawia, na magamba yaliyozunguka shina la unywele kama kola, huku mteja akilalamikia mwasho au kuungua. Wengi hudhani ni mba au mapunye. Lakini mapunye huwapata zaidi watoto, na dawa ya fangasi haiuzuii ugonjwa huu.

Ili kuutambua, biopsi huchukua kipande cha milimita 4, baada ya ganzi, palipo na magamba na nywele bado zipo. Katikati ya kipara huonekana kovu tu. Kwa nini basi kukatwa, ikiwa nywele zilizokufa hazirudi? Kwa sababu tiba hulinda zilizobaki: klobetasoli ya kupaka, sindano za triamsinoloni kichwani, au vidonge vya haidroksiklorokwini. Mwasho na magamba vikipungua, na kipara kisipopanuka, dawa inafanya kazi.