Muhtasari wa Uamuzi: Barua Pepe kwa Mwenyekiti wa Bodi

Neno muhtasari limebebeshwa mizigo miwili katika ofisi zetu. Kwanza ni kumbukumbu ya yaliyosemwa na kuazimiwa kikaoni, nayo husomwa na kuthibitishwa katika kikao kinachofuata. Pili ni ufupisho wa maandishi marefu. Siku hizi limeongezwa mzigo wa tatu: maandishi mafupi ambayo mtendaji humpelekea mwenyekiti wa bodi kwa barua pepe, akimweleza jambo, njia zilizopo, na uamuzi unaotakiwa. Wafasiri wengi huyaita muhtasari tendaji. Jina hilo halituridhishi sana, kwani muhtasari hautendi; mwenye kutenda ni mtu. Sisi twaona kuwa muhtasari wa uamuzi ni jina linaloeleza kazi yenyewe, nalo ndilo tutakalolitumia hapa.

Ugumu wa maandishi haya hautokani na istilahi tu. Watumishi wetu wamelelewa katika desturi ya dokezo. Dokezo huandikwa ndani ya jalada, nalo hupanda kutoka kwa mdogo hadi kwa mkubwa likiwa limeegemea barua zote zilizotangulia. Mwandishi aweza kusema “rejea folio 14” akanyamaza, kwa kuwa folio 14 iko hapo hapo chini ya mkono wa msomaji. Ndiyo maana dokezo laweza kumalizika kwa maneno “naomba kuwasilisha” bila ya madhara makubwa. Barua pepe haina jalada chini yake. Humfikia mwenyekiti katika simu, pengine akiwa shambani, na sehemu anayoiona kwanza ni mistari michache ya juu. Mwandishi akihamishia huko mpangilio wa dokezo, yaani historia kwanza na ombi mwishoni, msomaji hataliona ombi hilo. Na hata akiliona, “naomba kuwasilisha” haimwambii afanye nini.

Tuchukue mfano wa kubuni kutoka wilaya ya Bariadi, katika mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012. Pamba ndilo zao kuu la biashara huko, na wakulima huiuza kupitia vyama vya msingi vya ushirika ambavyo wengi huviita AMCOS. Msimu wa ununuzi kwa kawaida hufunguliwa mwezi wa Mei. Mapema Aprili upepo umeezua sehemu ya paa la ghala la chama kimoja. Meneja akimwandikia mwenyekiti wake kwa mazoea, ataanza na tarehe ya upepo, atasimulia ukaguzi wa fundi, kisha atamalizia: “Hivyo naomba kuwasilisha kwa maamuzi.” Mwenyekiti atajibu: “Nimepokea, endeleeni.” Waendelee na lipi? Jibu la namna hiyo ndilo dalili ya kwanza kwamba barua haikuuliza swali.

Sasa tuitazame barua hiyo ikiandikwa upya.

Mada: Uamuzi kabla ya 20 Aprili: ghala la pamba msimu huu

“Ndugu Mwenyekiti,

Naomba uitishe kikao cha Bodi kabla ya tarehe 20 Aprili, kiamue pamba ya msimu huu ihifadhiwe wapi. Paa la ghala letu limeezuliwa upande mmoja. Ninapendekeza njia ya pili.

Njia ya kwanza ni kuezeka upya kwa shilingi 4,800,000. Ghala litabaki letu, lakini itatulazimu kukopa kupita ukomo wetu wa madeni, na idhini yake haitapatikana kabla ya msimu.

Njia ya pili ni kukodi ghala la jirani kwa miezi 4, shilingi 350,000 kila mwezi, jumla shilingi 1,400,000. Fedha hizo zimo katika bajeti. Hasara yake ni kwamba mwakani tutakuwa bado hatuna paa.

Njia ya tatu ni kununua maturubai kwa shilingi 600,000. Mvua za mwisho zikiiloweza pamba, iliyo safi itashuka kuwa fifi, na mkulima atapata bei ndogo.

Bodi isipoamua kufikia tarehe hiyo, mwenye ghala atalikodisha kwa mwingine, nasi tutabakiwa na njia ya tatu peke yake.

Meneja”

Ombi limetangulia sababu, tofauti na dokezo. Vile vile kila njia imepewa gharama yake na kasoro yake, hata ile inayopendekezwa. Mwandishi anayeficha kasoro ya njia aipendayo humnyima mwenyekiti hoja atakayoulizwa na wajumbe wake. Tena aya ya mwisho imetaja matokeo ya kutoamua, jambo ambalo mara nyingi husahauliwa. Kukaa kimya nako kuna bei, na katika mfano huu bei hiyo ataibeba mkulima kwenye mizani.

Turejee kwenye maneno. Meneja wa kwanza aliomba “maamuzi”. Watu wengi sasa hulitumia neno hilo hata pale panapotakiwa jambo moja, kana kwamba wingi huongeza heshima. Katika barua ya namna hii wingi huo ni hatari, kwa sababu msomaji hajui kama ameulizwa jambo moja au matatu. Uamuzi mmoja na uitwe uamuzi.

Kadhalika tumeepuka “njia mbadala”. Mbadala ni kitu kinachoshika nafasi ya kingine, kwa hiyo anayesema “njia mbadala tatu” amekwisha kudokeza kwamba iko njia ya asili isiyohesabiwa. Hiari nayo haifai, kwani hubeba maana ya kutolazimishwa. Chaguo ni neno zuri, ingawa baadhi ya wasomaji hulielewa kuwa ni kile kilichokwisha kuchaguliwa. Njia yatosha, nayo yahesabika: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mwenyekiti aweza kuitaja kwa simu bila ya kukosea.

Sehemu inayodai uangalifu zaidi ni kitenzi cha ombi, kwa maana ndicho kinachoonyesha nani ana mamlaka. Mwenyekiti huitisha kikao. Bodi huamua, na uamuzi wake huingizwa katika muhtasari wa kikao, muhtasari kwa ile maana ya kwanza. Ukomo wa madeni wa chama huwekwa na mkutano mkuu na kuidhinishwa na Mrajisi wa Vyama vya Ushirika. Kwa hiyo meneja akimwandikia mwenyekiti “naomba uidhinishe mkopo”, amemwomba kitu asicho nacho. Na jibu la “naafiki” lililotoka kwenye simu ya mwenyekiti halitakuwa azimio la Bodi, sembuse idhini ya Mrajisi. Mkaguzi wa hesabu akija atatafuta azimio hilo katika kitabu cha mihtasari, wala hatalitafuta katika barua pepe.

Mfasiri anayekutana na barua ya aina hii katika lugha ya kigeni atakuta mara nyingi kitenzi kimoja kikitumika kwa mamlaka hizo zote. Asikifasiri kwa neno moja. Aulize kwanza ni nani anayeombwa, kisha achague: kuitisha, kuamua, kuazimia, kuidhinisha, au kupokea taarifa tu. Hilo la mwisho lina mahali pake pia. Barua isiyohitaji jibu yafaa iseme hivyo katika mstari wa mada, “Taarifa tu”, ili ile inayohitaji jibu ipate kutofautishwa nayo.